Siku ya sita baada ya kuanguka ngazini

Aliingia kwa miguu yake, saa nne asubuhi, kiganja kimekandamiza ubavu wa kushoto. Alikuwa fundi rangi, miaka 31. Ngazi ilimteleza akiwa kama mita mbili kutoka chini, akaanguka kiupandeupande, na kabla hajafika sakafuni ubavu ukagonga ukingo wa toroli. Alikaa dakika chache akitafuta pumzi, kisha akainuka, akaosha hata brashi zake. Mwenzake ndiye aliyemshurutisha kuja hospitali, saa mbili baada ya ajali.

Mimi nilikuwa daktari, mwaka wangu wa tatu katika chumba cha dharura, na asubuhi ile kulikuwa na foleni ndefu. Nilimpima: mapigo 94 kwa dakika, presha 126/80, anapumua vizuri. Tumbo lilikuwa laini kila nilipobonyeza, ila alikunja uso nilipogusa mbavu za chini kushoto. Eksirei ilionyesha ufa katika ubavu wa kumi. Altrasaundi ya tumbo haikuonyesha damu popote. Hemoglobini ilikuwa 13.8. Nikamwambia, "Kaka, ni ubavu tu, utakuuma wiki tatu au nne." Nikampa dawa za maumivu, nikamalizia kwa maneno ambayo nadhani kila mmoja wetu katika kazi hii amewahi kuyatamka: "Ukiona mabadiliko yoyote, rudi." Mchana alikuwa ameshaondoka.

Siku ya sita aliletwa amebebwa. Mkewe alinisimulia huku tukisukuma kitanda. Usiku wa jana yake mumewe alishindwa kulala chali. Kila akilala, bega la kushoto lilimuuma, akikaa linapungua. "Nikamchua bega, daktari, nikafikiri amelilalia vibaya." Asubuhi alikula kidogo akasema ameshiba. Alipoinama kufunga kamba za viatu alihisi kitu kimeachia ndani, akaketi, akawa mweupe midomoni, akaanguka.

Nilipomgusa mkono ulikuwa wa baridi na wenye jasho. Alikuwa anapiga miayo na kuomba maji. Mapigo 132, presha 98/76. Nikaweka kifaa cha altrasaundi ubavuni, na pale kati ya bandama na figo, ambapo siku ya kwanza palikuwa pamebana, palikuwa na utepe mweusi mnene. Weusi mwingine ulikuwa upande wa pili chini ya ini, na mwingine kwenye nyonga. Weusi kwenye kioo kile ni kimiminika, na kwa mtu aliyeanguka, kimiminika kilichotapakaa tumboni ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Hakupelekwa kwenye kipimo kingine, alipelekwa moja kwa moja thieta.

Daktari mpasuaji alitoa kama lita mbili. Niliomba kubaki nitazame, na kilichonikaa akilini si wingi wa damu bali umri wake. Kulikuwa na damu nyekundu mbichi, lakini pia mabonge meusi, magumu kiasi, yaliyoganda siku nyingi kabla ya asubuhi ile. Bandama ilikuwa na ufa usio mrefu sana, na utando wake wa juu ulikuwa umebanduka kama ngozi ya lengelenge lililopasuka. Nikaelewa kwamba ajali ya yule mtu haikuisha siku ya kwanza. Iliendelea ndani kwa siku sita, taratibu, na mimi nilikuwa nimeipima mara moja tu.

Bandama, au wengu, imejificha juu kushoto, chini ya mbavu ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Kwa mtu mzima mwenye afya ina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Nyama yake ni laini, imejaa damu kama sponji, na utando unaoifunika ni mwembamba. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchuja damu, kwa hiyo damu nyingi hupita humo kila dakika kuliko udogo wake unavyoonyesha. Ukipigwa pale, mara nyingi nyama ya ndani ndiyo inayochanika kwanza huku utando ukibaki mzima. Damu inavuja lakini haina pa kwenda. Inajikusanya chini ya utando, inajibana yenyewe, inaganda. Tumbo linabaki laini kwa sababu hakuna damu iliyotapakaa. Altrasaundi ya haraka inaonekana safi kwa sababu hiyo hiyo: kipimo kile kinatafuta damu iliyomwagika nje ya viungo, na hata hiyo huhitaji kufika kama mililita mia mbili au zaidi ndipo ionekane vizuri. Hakikutengenezwa kuonyesha ufa ulio ndani ya bandama yenyewe. Nilipoona "hakuna damu", nilisoma "hakuna jeraha", na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kinachofuata siku za mbele huweza kwenda kwa njia zaidi ya moja. Bonge lililo chini ya utando huweza kuendelea kukua, kwa sababu damu mpya inaongezeka kidogo kidogo, na pia wengi huamini kwamba damu ile ikianza kuvunjika huvuta maji na kuvimba, mpaka utando ukashindwa. Au bonge lililokuwa limeziba ufa kama kizibo hulainika, maana mwili wenyewe huyayeyusha mabonge baada ya siku kadhaa, na kuinama, kukohoa au kunyanyua mzigo kunaling'oa. Au ukuta wa mshipa mdogo wa ateri ulioumia hutuna kama puto ndani ya nyama ya bandama, ukakaa kimya, kisha ukapasuka. Hii ya tatu ndiyo inayoniogopesha zaidi, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuwa anajisikia mzima kabisa mpaka dakika ile. Vitabu vya upasuaji huita kupasuka huku kwa kuchelewa pale saa 48 zinapopita kati ya ajali na kutokwa damu, na visa vingi hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vichache huja baadaye zaidi.

Lazima niseme pia kwamba baadhi ya hizi damu "zilizochelewa" hazikuchelewa. Zilikuwepo tangu saa ya kwanza, zikivuja polepole, na sisi ndio tuliochelewa kuziona. Mabonge meusi ya yule fundi yananifanya niamini kwamba kwake yote mawili yalikuwepo.

Baada ya upasuaji nilirudi kwenye karatasi yake ya siku ya kwanza. Nilitaka kujua ni wapi palipokuwa na dalili. Mapigo 94 peke yake hayasemi kitu: mtu mwenye ubavu uliovunjika ana maumivu, na maumivu hupandisha mapigo. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo namba pekee. Hakupimwa tena kabla ya kuondoka. Laiti ningekuwa na namba tano zilizopimwa katika muda wa saa sita, ningejua kama ile 94 ilikuwa inashuka kadiri dawa ya maumivu inavyofanya kazi, au inapanda ingawa maumivu yamepungua. Mtu aliyeumia, asiyesikia maumivu tena lakini mapigo yake yanapanda, huyo huenda anavuja damu mahali fulani, na sijui ishara ya mapema iliyo rahisi kuliko hiyo.

Presha nayo ilinidanganya, kama inavyowadanganya wengi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita tano hivi. Akipoteza mililita 750, hata lita moja na zaidi, mishipa yake hujibana na moyo huongeza kasi, na namba ya juu ya presha inaweza kubaki pale pale. Kwa kawaida hushuka pale upotevu unapokaribia lita moja na nusu. Kabla ya hapo kinachobadilika ni namba ya chini, ambayo hupanda na kuikaribia ya juu. Itazame presha ya siku ya sita: 98/76. Pengo ni 22 tu. Siku ya kwanza pengo lilikuwa 46. Vijana hasa ndio hujikaza hivi muda mrefu, halafu wakianguka huanguka ghafla.

Kuhusu hemoglobini, alipoletwa amebebwa, akiwa na karibu lita mbili tumboni, ilikuwa 11.4. Mhudumu mmoja aliniuliza kwa nini tunakimbia thieta na damu "haijapungua sana". Nilipata jibu baadaye, nilipokuwa namweleza yule fundi mwenyewe kwa lugha ya kazi yake. Ukimwaga nusu ya ndoo ya rangi, rangi iliyobaki haijawa nyepesi. Ni nusu, lakini uzito wake ni ule ule. Inakuwa nyepesi utakapoongeza maji. Hemoglobini hupima uzito wa rangi, haipimi imebaki ndoo ngapi. Mwili huchukua saa nyingi kuvuta maji kutoka kwenye nyama na kuyaingiza kwenye mishipa, au sisi tunayaongeza kwa dripu, na hapo ndipo namba inashuka. Yake ilifika 7.9 akiwa mezani, ingawa damu ya kuongezewa ilikuwa imeshaanza kuingia.

Bega ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu mkewe aliliona na hakujua ameona nini. Damu ikifika chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hukisumbua kiwambo hicho, na mshipa wa fahamu unaokihudumia unatoka shingoni, kwenye mizizi ile ile inayoleta hisia za ngozi ya bega. Ubongo unapokea taarifa na kuisoma kama maumivu ya bega. Huuma zaidi mtu akilala chali kwa sababu damu inatiririka kuelekea juu, chini ya kiwambo. Bega lenyewe ukiligusa haliumi, na mkono unazunguka bila shida. Madaktari huiita dalili ya Kehr, kwa jina la mpasuaji Mjerumani. Bandama hupeleka maumivu bega la kushoto, ini hupeleka la kulia. Wengi wenye jeraha hawana maumivu haya, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumsafishi mtu. Lakini bega likianza kuuma siku ya tatu au ya tano baada ya kupigwa tumbo, ni la kwenda hospitali usiku huo huo, si la kuchuliwa.

Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja, miaka 44, abiria katika gari lililogonga nguzo. Mkanda ulikuwa umemwacha na mchubuko wa mshazari kuanzia bega mpaka tumbo la juu kulia. Alijisikia vizuri na alitaka kwenda nyumbani kwa watoto. Altrasaundi safi, presha 130/82, mapigo 84. Safari hii nilikaa naye. Nilimwambia, "Mama, sina ninachokiona, na ndiyo maana nataka ukae." Muuguzi wa zamu, dada mwenye uzoefu kunishinda, alikubali kumpima kila nusu saa na kuandika namba kwa mstari mmoja ili zisomeke kwa mfuatano, siyo kila moja kwenye ukurasa wake.

84, 86, 84, 90. Alipewa dawa, maumivu yakapungua, akacheka na dada yake aliyekuja kumtazama. 92, 98. Kwenye 104 muuguzi alikuja kunishika mkono akiwa na ile karatasi. Presha bado ilikuwa 124/88. Yeyote ambaye angemwona kwa mara ya kwanza saa ile angesema ni mgonjwa wa kuruhusiwa. Tulirudia altrasaundi, na kati ya ini na figo ya kulia palikuwa na mstari mweusi mwembamba ambao saa nne kabla haukuwepo. Kwa kuwa presha ilikuwa imara tulipata nafasi ya kumpeleka kwenye kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa, kikaonyesha ufa katika upande wa kulia wa ini, bila mshipa unaomwaga damu wakati ule.

Hakupasuliwa. Hili huwashangaza watu: wengi wenye ufa wa ini au wa bandama, maadamu presha yao imetulia, hupona bila kisu. Lakini "bila kisu" maana yake si nyumbani. Ni kitanda kilicho karibu na thieta, damu ya kundi lake imeshatayarishwa, mpasuaji anajua jina lake, na mtu anampima usiku kucha. Aliongezewa chupa mbili za damu, mapigo yakarudi kwenye 80, akakaa wodini siku tano. Pale ambapo hakuna CT wala mpasuaji, uamuzi sahihi ni kumhamisha mgonjwa mapema, wakati angali anazungumza, kuliko kusubiri presha ishuke ndipo gari litafutwe.

Ini lina tabia yake, na nilimweleza kabla hajaondoka. Kutokwa damu kwa kuchelewa kwake hakutokei mara nyingi, ila kukitokea huweza kupitia njia isiyotarajiwa: mshipa uliojeruhiwa unapasukia kwenye njia ya nyongo, na damu inashuka utumboni. Mtu anaumwa juu kulia, macho yanaingia manjano, anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, wiki kadhaa baada ya ajali aliyokwisha kuisahau. Daktari mpya anayemwona atadhani ni vidonda vya tumbo asipoambiwa kuhusu ajali. Kwa hiyo nilimwomba aitaje ajali hiyo kwa yeyote atakayemtibu ndani ya miezi miwili ijayo, hata kama anaona haihusiki.

Wapo ambao siwaruhusu haraka hata ajali ionekane ndogo kiasi gani. Mwenye bandama iliyovimba, iwe kwa malaria ya kurudiarudia au ugonjwa mwingine, kwani bandama kubwa hutoka nje ya ngome ya mbavu na hupasuka kwa pigo ambalo lisingemdhuru mwingine. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye mbavu za chini zilizovunjika, kwa sababu nguvu iliyovunja mfupa haikuishia kwenye mfupa. Na mtoto aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani wa baiskeli, ambaye mara nyingi ana alama ya duara tu juu ya ngozi, ndogo kama sarafu, na kila mtu anaitazama alama badala ya kilicho nyuma yake.

Fundi rangi, ambaye bandama yake ilikuwa imeondolewa thieta, alirudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya chanjo. Asiye na bandama hana kinga ya kutosha dhidi ya bakteria fulani, hasa wale wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo, na kwake homa yoyote kali ni dharura ya siku hiyo hiyo, maisha yake yote. Alikuja na mkewe. Nilimwambia ukweli kwamba siku ya kwanza nilipaswa kumweka, na kwamba nilipompima mara moja sikuwa nimempima. Alinisikiliza. Mkewe ndiye aliyeuliza: "Sasa daktari, ungetuambia nini siku ile, hata kama angerudi nyumbani?"

Nilichukua karatasi nikamwandikia, na karatasi hiyo ndiyo ninayowapa watu hadi leo. Asibaki peke yake wiki mbili, hasa usiku. Asinyanyue kitu kizito, asicheze michezo ya kugongana mpaka aambiwe. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli, si diklofenaki wala aspirini. Kisha mambo ya kutazama, kwa maneno ya mtu anayeishi naye: bega linalouma akilala na kupungua akikaa, kizunguzungu akisimama, tumbo linalojaa au kushiba kwa matonge machache, kiu na miayo visivyoeleweka, midomo kupauka, jasho la baridi. Moja tu kati ya hayo linatosha kuja. Nikamfundisha kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa dakika nzima, mtu akiwa ametulia, asubuhi na jioni, na kuandika. Yakipanda siku baada ya siku, aje. Yakizidi 100 akiwa amepumzika na hana homa, aje saa hiyo hiyo.

Alijaribu palepale, akiushika mkono wa mumewe, midomo ikihesabu bila sauti huku akitazama saa ya ukutani. Alifika 76.